Njia Tatu za Kukumbuka Somo

Mwanafunzi mmoja wa Bariadi alikuwa na desturi ya kusoma daftari lake mara nne kabla ya mtihani. Kila alipolifunga alidhani amekwisha jua yote, lakini siku ya mtihani mengi yalikuwa yamemtoka. Kaka yake akamwambia, "Mdogo wangu, usikisie. Pima, kama pamba ipimwavyo kwa mizani."

Basi akachagua masomo matatu yenye urefu sawa: kilimo cha pamba, Mto Simiyu hata uingiapo Ziwa Viktoria, na wilaya za Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012. Kila somo alilitengea nusu saa, wala hakuzidisha, ili njia moja isishinde kwa wingi wa muda. Somo la pamba alilisoma tena na tena. La mto alilinakili upya. La wilaya alilisoma mara moja, akafunga daftari, akajiuliza maswali na kuandika majibu. Kisha akafungua, akasahihisha.

Kaka yake alitunga maswali 10 kwa kila somo, akayaficha. Jioni ile alimwuliza, "Wadhani utapata mangapi?" Akajibu: pamba 9, mto 8, wilaya 6. Baada ya siku 7 aliulizwa, akapata pamba 4, mto 5, wilaya 8.

Lakini huenda somo la wilaya lilikuwa jepesi tu. Kwa hiyo walirudia mara mbili kwa masomo mapya, wakibadilisha njia kwa zamu. Katika maswali 30, kusoma tena kulimpa 14, kunakili 16, kujiuliza 22. Tofauti ya 14 na 16 ni ndogo mno, haiamui neno. Ile ya 22 ni kubwa.

Sababu ni hii: aliyesoma tena huyazoea maneno kwa macho, akadhani anayajua, bali mtihani humtaka ayatoe moyoni bila kitabu. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Amerika, Roediger na Karpicke, walipima wanafunzi wa chuo. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikumbuka sehemu 81 katika 100, na waliojipima 75. Baada ya juma moja, waliosoma tena walikumbuka 42, na waliojipima 56.

Mwanafunzi akayatazama maswali 8 aliyokosa. Mengi yalikuwa yale aliyoyakosa tangu alipojiuliza mwenyewe. Alikuwa ameliona jibu sahihi, asijaribu tena. Tangu hapo kila kosa hulitia alama, akajiuliza tena baada ya siku 2, na tena baada ya juma, daftari likiwa limefungwa.

Maswali
1. Kwa nini masomo yote yalipewa muda sawa?
2. Kwa nini njia zilibadilishwa kwa zamu?
3. Kujiuliza bila kusahihisha kuna hatari gani?