Gharama Halisi ya Kwenda na Kurudi: Busisi au Chumba cha Mjini?

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, swali jipya limeingia katika nyumba nyingi za Busisi. Zamani, mkazi aliyepata kazi Mwanza mjini alijua kwamba kivuko kingemlazimisha kuhama. Sasa maji kati ya Busisi na Kigongo yanavukwa kwa dakika chache juu ya kilomita 3 za daraja, na wengi wanajiuliza: kuna haja gani ya kulipa kodi ya chumba mjini, ilhali nyumba ya familia ipo na basi lipo?

Jibu hutegemea hesabu, na hesabu hiyo mara nyingi hukosewa mwanzoni kabisa. Kodi hutajwa kwa mwezi, nauli hutajwa kwa safari moja. Mtu akiambiwa chumba ni shilingi 70,000 na basi ni shilingi 3,000, moyo wake huelekea basi kabla hajazidisha chochote. Aidha, hiyo 3,000 ni ya kipande kimoja tu cha njia.

Uchukuliwe mfano wa mama mmoja wa Busisi aliyepata kazi katikati ya jiji kwa mshahara wa shilingi 500,000, siku 26 kwa mwezi, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Kiasi vyote vilivyomo humu ni vya mfano; kila msomaji aweke vyake. Mama huyu hulipa bodaboda 1,000 kutoka nyumbani hadi barabara kuu, basi 3,000 hadi stendi ya Nyegezi, kisha daladala 600 hadi mjini. Kwenda ni 4,600, kwenda na kurudi ni 9,200. Kwa siku 26 zinapatikana shilingi 239,200.

Hapo bado. Siku za mvua au za kuchelewa, bodaboda wa usiku hutoza maradufu. Zikiwa siku 6, ongezeko ni 6,000. Tena, anayeondoka kabla ya chai hununua chai na chapati mjini. Si halali kuhesabu bei yote, kwa kuwa hata nyumbani angekunywa chai. Kinachohesabiwa ni tofauti. Ikiwa mjini ni 1,500 na nyumbani ni 500, tofauti ya mwezi ni 26,000. Jumla ni 271,200, na katika mshahara hubaki 228,800.

Sasa chumba cha Nyegezi. Kodi ni 70,000, maji na umeme 15,000, daladala ya kwenda na kurudi mjini 31,200. Lakini kuhama kuna gharama ambazo wapenda mjini huzisahau. Mihogo na mboga za shambani hazipo tena, na chungu kimoja kimekuwa viwili. Tuseme chakula kimeongezeka kwa 60,000. Akirudi Busisi mara 2 kwa mwezi kuwaona watoto, ni 16,000 nyingine. Jumla ni 192,200, na hubaki 307,800. Kwa fedha pekee, chumba kinamwachia shilingi 79,000 zaidi.

Baada ya fedha huja muda. Wengi huona vigumu kuutia bei, lakini ipo njia isiyohitaji kubahatisha: saa za njiani zihesabiwe kuwa saa za kazi, kwa sababu bila kazi zisingetumika. Kisha fedha iliyobaki igawanywe kwa saa zote. Mama wa mfano yuko kazini saa 234 kwa mwezi. Akikaa Busisi hutumia saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, yaani saa 104 kwa mwezi. Jumla ni saa 338, na kila saa humletea takriban shilingi 677. Akikaa Nyegezi hutumia dakika 40 kila upande, pamoja na saa 6 za kwenda kuiona familia. Jumla inakaribia saa 275, na kila saa humletea takriban shilingi 1,120. Kazi ni ileile na mwajiri ni yuleyule.

Katika kupima muda huo, kosa la kawaida ni kutumia siku njema. Mtu hujaribu njia Jumamosi mchana, basi linajaa upesi, anafika kwa saa 1 na dakika 15, na anaandika hivyo. Muda wa kweli ni ule unaomhakikishia kutochelewa hata Jumatatu yenye mvua. Enzi za kivuko, abiria alilazimika kuondoka mapema mno kwa sababu hakujua foleni ya Busisi ingekuwaje. Daraja limeiondoa foleni hiyo. Halikuondoa kusubiri basi lijae, wala msongamano kati ya Nyegezi na mjini. Anayelinganisha safari ya leo na kivuko ataiona fupi daima; inafaa ailinganishe na mshahara wake.

Uchovu nao una alama zinazoonekana. Mama huyu akitoka saa 12 asubuhi, huamka saa 11 kasorobo. Hurudi saa 1 usiku, hupika, hukagua madaftari ya watoto, na hulala saa 4 na nusu. Usingizi wake ni saa 6 na robo, pungufu ya saa 7 ambazo wataalamu wa afya huwashauri watu wazima wazipate. Upungufu huo hulipwa mahali fulani: hulala ndani ya basi, hulala Jumapili mchana kutwa, hupanda bodaboda pale alipozoea kutembea. Daftari dogo la wiki 2, likiandika saa ya kutoka, saa ya kufika na kila shilingi iliyotumika kwa sababu ya kuchoka, litaonyesha zaidi ya makisio yoyote. Wachumi wa Uswisi Bruno Frey na Alois Stutzer, walipochunguza takwimu za Ujerumani, walikuta kwamba wenye safari ndefu za kazini huridhika kidogo na maisha, ingawa ingetarajiwa kwamba mshahara au nyumba bora ingewafidia.

Hesabu hiyohiyo inaweza kuipendelea Busisi. Kazi ikiwa Usagara, na safari yote ikigharimu 2,500 kila upande, nauli ya mwezi ni 130,000. Chumba cha karibu na kazi, kwa kodi, maji, umeme, chakula na safari za nyumbani kama ilivyokwisha kuelezwa, kitafika 155,000 au zaidi. Hapo Busisi inaokoa shilingi 25,000 kwa kumwomba mkazi saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Mwenye watoto wadogo huenda akakubali upesi. Kijana asiye na familia huenda akakataa.

Linabaki jambo linalowafunga wengi hata baada ya kuona kwamba chumba ni nafuu. Nauli hulipwa kidogokidogo, ilhali wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Kwa mfano huu ni shilingi 420,000, kabla ya godoro na jiko. Akikopa, riba iongezwe kwenye kodi: mkopo unaodai 60,000 juu kwa miezi 6 hukifanya chumba cha 70,000 kuwa cha 80,000, na bado faida ya 69,000 kwa mwezi inabaki. Njia nyingine ni kuanza kwa kusafiri mwezi mmoja au miwili huku fedha ikiwekwa, na kumwomba mwenye nyumba apokee kodi ya miezi 3, makubaliano yakiandikwa na tarehe ya malipo yanayofuata ikitajwa.