Kwa Nini Nyumbu Hawakuijaza Serengeti?

Katika jaribio la Bayolojia la muhula uliopita, niliandika kwamba wanyama wakifikia kikomo cha idadi yao "huacha kuzaana". Kalamu nyekundu ikapita hapo na alama zangu tatu zikaenda. Kwa kuwa wengi wetu tuliteleza papo hapo, na jaribio la ikolojia li karibu, nimeonelea tulipitie somo hili kwa Kiswahili. Mfano wetu ni nyumbu wa Serengeti, hao hao wanaoingia Maasai Mara kila mwaka.

Zamani nyumbu hawa waliuawa kwa wingi na sotoka, ugonjwa walioupata kwa ng'ombe. Ng'ombe wa maeneo ya jirani walipochanjwa, sotoka iliwatoka nyumbu mapema katika miaka ya 1960, na ndama waliokuwa wakifa wakaanza kukua. Mwaka wa 1961 walihesabiwa nyumbu kama 260,000. Kufikia 1977 walikuwa kama 1,300,000. Hiyo ni mara tano kwa miaka 16, yaani wastani wa asilimia 10 hivi kwa mwaka.

Sasa tuseme wangeendelea vivyo hivyo. Kitu kinachoongezeka kwa asilimia 10 huwa maradufu baada ya miaka 7 hivi. Basi 1984 wangekuwa 2,600,000, 1991 wangekuwa 5,200,000, na 1998 wangepita milioni kumi! Hilo ndilo ongezeko la eksponenshali, na grafu yake ni kama herufi J. Tahadhari hapa: eksponenshali si "haraka haraka" tu. Wala si haba na haba ya kujaza kibaba, maana huko unatia kiasi kile kile kila mara. Hapa kinachotiwa hukua pamoja na kilichomo: wazazi wakiwa wengi, watoto nao huwa wengi zaidi.

Lakini milioni kumi hawakuonekana. Baada ya 1977 idadi iliacha kupanda, ikabaki karibu na 1,300,000. Grafu ya namna hii ni kama herufi S, na ongezeko lake huitwa la lojistiki. Idadi ambayo makao yanaweza kuilisha kwa muda mrefu ndiyo kikomo cha makao, na huandikwa K. Kanuni ni hii:

ongezeko la mwaka = r × N × (K − N) ÷ K

N ni idadi iliyopo. r ni kima cha ongezeko pale ambapo nafasi ni tele. Kwa hesabu yetu tu, tuchukue r kuwa 0.1 na K kuwa 1,300,000.

N ikiwa 260,000, ongezeko ni 20,800.
N ikiwa 650,000, ongezeko ni 32,500.
N ikiwa 1,170,000, ongezeko ni 11,700.
N ikiwa 1,300,000, ongezeko ni 0.

Mnaona? Ongezeko kubwa kabisa liko katikati, N ikiwa nusu ya K. Mwanzoni wazazi ni wachache; mwishoni nafasi ni ndogo. Kwa hivyo ukichora S, mwinuko mkali uwe katikati, si juu.

Turudi kwenye kosa langu. Ongezeko likiwa 0, je, nyumbu wameacha kuzaa? La hasha! Ndama huzaliwa kwa maelfu kila mwaka. Ila wakati wa kiangazi nyasi mbichi hazitoshi wote, wanyama hukonda, na wengi hufa. Wanaozaliwa na wanaokufa wanakuwa sawa, basi idadi inasimama. Hilo ndilo jibu lililotakiwa.

Jambo la mwisho ni kwamba K si ukuta uliojengwa mahali pamoja. Mvua ikipungua, nyasi hupungua na K hushuka. Katika ukame wa 1993 nyumbu wengi walikufa njaa, na idadi yao ikaenda chini ya milioni moja. Idadi ikizidi K, kanuni yetu hutoa jibu la hasi: jaribu N ya 1,400,000 na utapata kama −10,800, yaani watapungua. Walakini kanuni hiyo huichukulia K kuwa haibadiliki, na ndiyo sababu haiwezi kutuambia mapema juu ya mwaka wa ukame.

Basi mwenzangu, ukiulizwa kwa nini mstari wa S umelala kule juu, usiandike kama nilivyoandika mimi. Andika kwamba vizazi na vifo vimelingana, kisha taja kinachowabana. Kwa nyumbu, ni nyasi za kiangazi.