Picha ya Jani la Muhogo: Kile Ambacho Simu Huona na Kile Isichokiona

Tuchukue mfano wa mtumiaji anayetaka kupanda mihogo ekari moja. Kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1 atahitaji pingili takriban 4,000. Amefika katika shamba la muuzaji wa pingili, mimea ni ya kijani na imestawi. Kwa tahadhari anatoa simu yake, anafungua programu ya kutambua magonjwa ya mimea na kupiga picha ya jani moja la juu lililo karibu na mkono wake. Baada ya sekunde chache jibu linatokea: jani lina afya, asilimia 94. Analipa na kupakia mzigo. Mwaka unaofuata anang'oa mihogo yake na kukuta ndani ya mizizi mabaka makavu ya rangi ya kahawia, yasiyofaa kuliwa wala kuuzwa.

Katika mfano huu huenda programu haikukosea hata kidogo. Jani lile lilikuwa kweli halina dalili. Kosa lilikuwa katika kuchukua jibu kuhusu jani na kulifanya jibu kuhusu mmea, kisha kuhusu shamba zima. Somo hili linaeleza tofauti hiyo, ili mtumiaji ajue jibu la simu lina uzito gani kabla ya kutoa fedha yake.

Magonjwa mawili, sura mbili

Mihogo ya Afrika Mashariki husumbuliwa hasa na magonjwa mawili ya virusi. La kwanza ni batobato. Dalili zake huonekana waziwazi kwenye majani machanga: mabaka ya njano au kijani kilichopauka, jani likijikunja na kupoteza umbo. La pili ni michirizi ya kahawia, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza kitaalamu mwaka 1936 kutokana na kazi iliyofanyika katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika. Huu una tabia ya kujificha. Njano yake hufuata mishipa midogo ya jani, hujitokeza zaidi kwenye majani yaliyokomaa ya sehemu ya chini, na jani halijikunji. Aina nyingine za mihogo huonesha dalili hafifu mno juu ya ardhi ilhali mizizi imekwisha kuharibika.

Magonjwa yote mawili huenezwa na nzi weupe, na pia na binadamu anayechukua pingili kutoka mmea mgonjwa na kuzipanda kwingine. Kwa sababu hiyo ununuzi wa pingili ni hatua yenye hatari kubwa. Mnunuzi akichukua pingili zilizoambukizwa, ugonjwa huingia naye shambani siku ya kwanza.

Jinsi programu inavyofikia jibu

Ndani ya programu ya aina hii kuna modeli ya akili unde. Modeli hiyo imeoneshwa maelfu ya picha za majani ambazo wataalamu walikwisha kuzipa majina: hili ni batobato, hili ni michirizi ya kahawia, hili limeshambuliwa na utitiri wa kijani, hili halina tatizo. Kutokana na picha hizo hujifunza mpangilio wa rangi na maumbo unaoendana na kila jina. Inapopewa picha mpya, hutafuta jina ambalo mpangilio wake unafanana zaidi na kilichomo katika picha.

Hapo ndipo penye ukomo wa kwanza. Modeli nyingi za namna hii hugawa asilimia 100 kati ya majina zinayoyafahamu, na si zaidi ya hayo. Ikiwa jani limepauka kwa upungufu wa madini ya zinki, au limeunguzwa na dawa ya magugu, na modeli haikufundishwa hali hizo, haitasema kwamba haijui. Italipa jani hilo mojawapo ya majina iliyo nayo, na pengine kwa asilimia kubwa. Kwa hiyo asilimia 94 inayoonekana kwenye skrini haimaanishi kwamba kati ya mimea 100 ya aina hii, 94 ni mizima. Inamaanisha tu kwamba, kati ya majina machache yaliyopo, hilo ndilo lililofanana zaidi na picha.

Ukomo wa pili ni tofauti kati ya picha za kufundishia na picha za shambani. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2016 ulitumia picha zaidi ya 54,000 za majani ya mazao 14, nyingi zikiwa zimepigwa jani likiwa limechumwa na kulazwa juu ya kitu chenye rangi moja. Modeli ilipopimwa kwa picha za namna hiyohiyo, ilipatia zaidi ya mara 99 katika kila 100. Ilipopewa picha zilizotoka kwingine, zilizopigwa katika mazingira tofauti, ilipatia takriban mara 31 tu katika kila 100. Mtumiaji anapoona tangazo la programu linalotaja usahihi wa hali ya juu, swali la kuuliza ni hili: usahihi huo ulipimwa kwa picha za aina gani?

Jani moja halitoshi

Haifuati kwamba programu hizi hazina faida. Nuru, programu ya PlantVillage iliyoandaliwa kwa ajili ya mihogo na inayoweza kufanya kazi bila intaneti, ilipimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Ilitambua dalili kwa usahihi wa asilimia 65, wakati maofisa ugani waliopimwa walipata kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Yalipochunguzwa majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, usahihi ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88.

Matokeo hayo yanafundisha mambo mawili. Kwanza, simu inaweza kumzidi mtu ambaye hakufundishwa kutazama. Pili, hata katika hali nzuri, majibu kadhaa katika kila kumi au ishirini yatakuwa na kosa. Dalili hazijitawanyi sawasawa juu ya mmea, na anayepiga picha jani la juu pekee anaacha mahali ambapo michirizi ya kahawia hupenda kuonekana.

Maana ya jibu hubadilika pia kulingana na hali ya shamba. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, modeli inayogundua mimea 90 katika kila 100 iliyo migonjwa, na inayosingizia mimea 10 katika kila 100 iliyo mizima. Katika shamba lenye mimea 1,000, ambapo 50 tu ni migonjwa, itaonya kwa haki juu ya mimea 45, na kwa makosa juu ya mimea 95. Kwa hiyo kati ya maonyo 140, takriban theluthi moja tu ndiyo ya kweli. Katika shamba jingine lenye idadi hiyohiyo, ambapo mimea 600 ni migonjwa, maonyo ya kweli yatakuwa 540 na ya makosa 40. Modeli ni ileile na maneno kwenye skrini ni yaleyale, lakini onyo la shamba la pili lina uzito mkubwa zaidi.

Kile ambacho picha haikibebi

Mtaalamu akifika shambani hatazami jani peke yake. Hugeuza jani kuona upande wa chini kama kuna utitiri au nzi weupe. Huuliza kama ni kiangazi, kwa kuwa utitiri huongezeka wakati wa ukame. Hutazama kama njano ipo kwenye majani ya chini pekee, ambayo huenda yanazeeka tu na yako karibu kudondoka. Hutafuta michirizi ya rangi ya kahawia kwenye sehemu ya shina iliyo bado kijani. Mwishowe hung'oa mmea na kukata mzizi. Picha ya jani haina taarifa hizo, na modeli haiwezi kujua jambo ambalo halimo katika picha.

Hata mtaalamu hawezi kuthibitisha kirusi kwa macho. Uthibitisho hupatikana maabara, kwa kupima vinasaba vya kirusi katika sampuli ya mmea. Kituo cha Mikocheni cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ni miongoni mwa vituo vyenye uzoefu wa kazi hiyo.

Kabla ya kulipa

Turudi sasa kwa mnunuzi wetu na tumweke tena mbele ya muuzaji, kabla hajalipa.

Atembee shambani kwa mstari wa zigizagi na kuchagua mimea katika pande zote, si ile tu aliyooneshwa. Katika kila mmea apige picha za majani sita: ya juu, ya kati na ya chini. Jani liwe bado kwenye mmea, lijae katika fremu, likiwa kwenye kivuli chepesi na si kwenye jua kali la mchana, na picha isiwe na ukungu. Aandike majibu yote, na si lile tu linalompendeza.

Majibu yakigongana, au onyo likijirudia katika mimea kadhaa, asinunue mpaka shamba likaguliwe. Majibu yakiwa mazuri yote, asiishie hapo. Amwombe muuzaji ang'oe mimea michache na kukata mizizi vipande kwa upana. Nyama ya mzizi iwe nyeupe au rangi ya malai yake ya kawaida, bila mabaka makavu ya kahawia. Muuzaji akikataa, huo nao ni ushahidi. Kisha aulize kama shamba limekaguliwa na TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, aione lebo, na adai risiti yenye jina la aina ya mihogo, idadi ya pingili na tarehe.

Kuna tahadhari moja zaidi. Programu ikitaja ugonjwa wa virusi, mtumiaji asikimbilie duka la pembejeo. Hakuna dawa ya kupulizia inayoponya batobato wala michirizi ya kahawia, na dawa ya ukungu haimgusi kirusi. Mmea mgonjwa hung'olewa, na pingili zake hazipandwi wala hazigawiwi jirani. Ikiwa tatizo limethibitishwa kuwa ni la wadudu na kiuatilifu kinahitajika, kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na lebo yake itaje zao na mdudu husika.

Jibu la simu, basi, litumike kuamua mmea upi uchunguzwe zaidi na swali lipi aulizwe muuzaji. Uamuzi wa kununua usubiri hadi mzizi ukatwe na lebo ionekane.