Kodi ya Ploti Ikipandishwa Jukwaani

Mabaraza ya miji yalivunjwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na tangu hapo hakuna meya, iwe Wang'uru au kwingineko nchini Kenya. Hotuba aliyokuwa akiitoa meya sasa hutolewa na gavana au waziri wake wa fedha: kodi ya ploti itapanda, nanyi mtapata taa za barabarani, mitaro na lori la taka.

Hotuba haipandishi kodi. Kifungu cha 209 cha Katiba kinairuhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majengo, lakini cha 210 kinakataza kodi yoyote kutozwa au kubadilishwa bila sheria. Kwa hivyo muulize msemaji: kiwango hiki kimo katika Sheria ya Fedha ya mwaka gani? Akijibu kwamba bado ni mswada, una haki ya kutoa maoni kabla Bunge la Kaunti ya Kirinyaga halijaupitisha. Peleka maoni yako kwa maandishi, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Swali la pili: ni nini hasa kilichopanda, asilimia, au thamani ya ploti iliyoandikwa kwenye daftari la uthamini? Nairobi ilitoza kwa miaka mingi asilimia 34 ya thamani ya 1982, kisha ikahamia asilimia 0.115 ya thamani mpya. Tuseme ploti iliandikwa Sh20,000 mwaka 1982: kodi ilikuwa Sh6,800 kwa mwaka. Ikithaminiwa upya kuwa Sh10 milioni, kodi ni Sh11,500. Asilimia imeshuka sana, na mwenye ploti analipa zaidi. Ndiyo maana daftari jipya likitangazwa uende ukaikague namba ya ploti yako, ukubwa wake na thamani iliyoandikiwa. Ukiona kosa, weka pingamizi kabla ya tarehe iliyo kwenye notisi. Wengi huja kulalamika bili ikishafika, na hapo daftari limekwisha kuidhinishwa.

Kuhusu huduma, hapa ndipo watu huchezewa. Kodi ya ploti za Wang'uru haiwekwi kando kwa ajili ya mitaro ya Wang'uru. Inaingia kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti pamoja na mapato mengine, na hutoka kwa bajeti iliyoidhinishwa tu. Ahadi ya mtaro isiyo na fungu kwenye bajeti haina pesa. Andikia kaunti barua uombe kuonyeshwa fungu hilo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa siku 21 kukujibu.

Ila usiache kulipa ukidai mtaro haujachimbwa. Deni hubaki juu ya ardhi, na bila cheti cha kaunti kuonyesha hudaiwi, msajili wa ardhi hatakubali kuihamishia kwenye jina la mnunuzi.