Harufu ya Bizari Uwanjani Doha

Swali: Katika hadithi fupi, msafiri wa Kibera ananusa bizari ya pilau kwenye uwanja wa ndege wa Doha. Kumbukumbu ya nyumbani ianzie wapi?

Jibu: Ianzie mwilini. Harufu hufika kwenye sehemu za ubongo zenye hisia na kumbukumbu bila kupitia kwanza kituo kinachopokea sauti na picha. Ndiyo maana mtu anaweza kulengwalengwa na machozi kabla hajajua ananusa nini. Basi mate yamjae, mguu usite, ndipo sufuria ionekane: vitunguu vimegeuka kahawia, bizari inatiwa, jirani anachungulia mlangoni. Mwandishi akitanguliza “alikumbuka nyumbani”, harufu imeshapotea. Tena harufu isidumu: pua huizoea baada ya dakika chache, na msafiri hubaki na foleni tu.