Utitiri Hulala Bandani, Chawa Hulala Mwilini

1. Mjue kwanza anayekunyonyea kuku.

Pale Singida, shangazi yangu alikuwa na kuku aliyeatamia mayai 12. Wiki ya pili ilipoanza, kuku akawa anasimama kiotani, anajikung'uta, kisha anatoka na kuyaacha mayai yapoe. Shangazi akaamua kuwa huyo si mlezi, achinjwe. Nikamwomba tungoje usiku, tukaingia bandani na tochi. Kwenye majani ya kiota na chini ya fito ya kulalia walikuwa wanatembea wadudu wadogo kuliko punje ya mtama, wengine kijivu, wengine wekundu. Ukimminya mmoja kwenye karatasi nyeupe, anaacha alama ya damu.

Huo ndio utitiri mwekundu. Usiku hupanda kumnyonya kuku, alfajiri hurudi kujificha kwenye nyufa, ndiyo maana ukimkagua kuku mchana huuoni na unadhani kuku yuko salama. Chawa yeye hashuki. Funua manyoya chini ya mkia, kuzunguka njia ya haja: utawaona wa rangi ya majani makavu wakikimbia, na mayai yao meupe yameshikamana kwa vishada kwenye mashina ya manyoya. Chawa akianguka chini hufa ndani ya wiki moja hivi, lakini utitiri huweza kukaa bila kula kwa miezi kadhaa, hasa mahali penye ubaridi. Kwa hiyo chawa hutibiwa kwenye kuku, na utitiri hutibiwa kwenye banda.

2. Anayeatamia ndiye huumia kuliko wote.

Kuku hulalia mayai siku 21. Kukiwa na joto, utitiri hukamilisha kizazi kwa siku 7 hadi 10, kwa hiyo kabla vifaranga hawajatoka, vizazi viwili au vitatu vimezaliwa chini ya tumbo lake. Upanga wake unapauka kwa kupungukiwa damu, na vifaranga wakianguliwa hushambuliwa siku hiyo hiyo. Wengine hufa hata kama wamekula vizuri.

Kiota cha shangazi tulikichoma majani yote. Tukaweka mchanga mkavu na majani mapya kwenye karai, maana karai halina nyufa, tukahamishia mayai humo jioni pamoja na mama yao. Tangu hapo shangazi haweki mayai kwenye kikapu cha ukindu. Kila msuko wa kikapu ni mlango wa utitiri.

3. Kusafisha ni kazi ya nyufa, si ya sakafu.

Wengi hufagia sakafu wakaridhika. Toa kuku wote asubuhi, kusanya matandazo yote ukayachome mbali, kisha ng'oa fito. Utitiri hujazana pale fito inapokutana na ukuta, na dalili yake ni vumbi la kijivu kama majivu yaliyomwagika. Kwangua, mwagia maji yanayochemka yenye sabuni, anika fito juani. Nyufa za ukuta ziba kwa udongo au saruji, kisha paka chokaa.

Baada ya siku 7 rudia, kwa sababu mayai yaliyosalimika yatakuwa yameanguliwa. Hapa ndipo watu hukata tamaa na kusema dawa haifanyi kazi. Kupima, funga kipande cha boksi lenye mawimbi chini ya fito, kiache usiku mbili, kisha kipasue: wakiwamo, utawakuta ndani ya vijitundu vyake.

4. Dawa iwe ya kuku.

Unga wa permethrini uliotengenezwa kwa ajili ya kuku unafaa kwa chawa na kwa nyufa za banda. Upake chini ya mabawa, shingoni na kuzunguka njia ya haja, urudie baada ya siku 10 hivi. Funga pua na mdomo, na mweke paka mbali, kwani permethrini humuua. Dawa ya pamba au nyanya usiithubutu: huingia kwenye yai. Mwaka 2017 nchi za Ulaya ziliondoa sokoni mamilioni ya mayai kwa sababu fipronili, isiyoruhusiwa kwa kuku wa mayai, ilitumika kuua utitiri. Soma kwenye kibandiko siku za kungoja kabla ya kula mayai au nyama. Kama hazikuandikwa, muulize daktari wa mifugo kabla ya kufungua kopo.

Kuku mwenye magamba yaliyoinuka miguuni ana utitiri wa aina nyingine, unaochimba ngozi. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu, paka vaselini kila baada ya siku chache. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na oili chafu ni sumu.

5. Anayezurura huleta wageni.

Mwachie kuku wa kienyeji shimo la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu, chini ya paa lisilovuja. Kuoga vumbi hupunguza chawa. Ondoa viota vya shomoro kwenye paa la banda. Kuku aliyenunuliwa mnadani akae peke yake wiki mbili, akaguliwe chini ya mkia siku ya kwanza na siku ya mwisho, na tenga lililombeba lisiingie bandani kabisa.