Kiimbo cha Taarifa na cha Swali: Kiswahili na Kiingereza

Mwanafunzi wa Gisenyi husoma masomo mengi kwa Kiingereza, kisha huvuka mpaka kuingia Goma akizungumza Kiswahili. Tuchunguze sentensi mbili zisikikazo mpakani:

(a) Umelipa ushuru.
(b) Umelipa ushuru?

Maneno na mpangilio wake havibadiliki. Kiimbo pekee ndicho kinachozitofautisha. Katika (a) sauti hushuka kuelekea mwisho. Katika (b) sauti huwa juu zaidi, hasa kwenye silabi -shu-, yenye mkazo.

Katika Kiingereza, kitenzi kisaidizi humtangulia mtenda, hivyo swali hutambulikana hata sauti ikishuka. Mwanafunzi anayeyahamishia mazoea hayo katika Kiswahili huitamka (b) kama (a), na msikilizaji hudhani anaarifiwa, haulizwi. Mwingine, akijaribu kujisahihisha, huupeleka mkazo kwenye -ru. Hilo nalo ni kosa, kwa kuwa mkazo hubaki kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Swali lenye kiulizi, kama "Umelipa wapi?", halitegemei kupanda kwa sauti, maana kiulizi chenyewe hulitambulisha.

Zoezi: Mwanafunzi alipe darasa mgongo, atamke (a) au (b) apendavyo. Wenzake wajibu "Ndiyo" au "Hapana" pale tu wanaposikia swali. Wakijibu asipouliza, au wakinyamaza alipouliza, kiimbo chake kirekebishwe.